Nakagua manukuu ya filamu fupi ya Kiswahili, tahajia iko sawa ila yanasomeka vibaya. Mistari tunaikata wapi?

binti_editi
Wakuu habari za mchana. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa kuandika na kukagua manukuu, yani yale maandishi ya chini ya vidio, wengine tunaita sabutaito. Nina filamu fupi ya dakika 22, imeshutiwa Tanga, mazungumzo yote Kiswahili na manukuu nayo ni Kiswahili kwa sababu kwenye onyesho watakuwepo wageni viziwi na ukumbi wenyewe una mwangwi. Nimeandika vipande 412, tahajia nimepitia mara mbili, nimempa na mwalimu mmoja wa Kiswahili akapitia. Juzi dairekta kaangalia akanirudishia, anasema makosa haoni lakini kila akisoma anajikwaa, kama anasomewa na mtu anayeishiwa pumzi. Nimekaa nikaangalia na kweli hata mimi najikwaa na sijui nirekebishe nini. Naweka kipande kimoja hapa muone, ni sini ya jikoni, mdogo mtu anamkabili dada yake:

```
212
00:14:07,200 --> 00:14:10,000
Kwa hiyo yule mtoto uliyemleta siku ile ya
harusi si wa Rajabu.
```

Natumia Subtitle Edit, nimeseti isizidi herufi 42 kwa mstari na mistari isizidi 2. Yenyewe haijanipa rangi nyekundu kwenye urefu wa mstari. Tatizo liko wapi hapo?

fundi_dishi
Dada kama manukuu hayaonekani vizuri kwenye tivii angalia jina la faili, lazima lifanane na jina la vidio herufi kwa herufi, filamu.mp4 na filamu.srt, ziwe kwenye folda moja ndani ya flashi. Mi nimewatengenezea watu wengi sana hapa mtaani shida huwa ni hiyo.

binti_editi
Asante kaka, yanaonekana. Shida yangu ni namna yanavyosomeka.

Kaka_Digitali
Mbona hiyo iko poa? Mstari wa kwanza nimehesabu ni 42 kamili, Netflix wenyewe wanataka 42 na mistari miwili, umefuata standadi. Dairekta wako hajazoea kusoma tu. Mi nafanya hivi, naacha softwea ikate yenyewe ikifika 42 basi, ukianza kukata kwa mkono vipande 412 hutamaliza. Halafu sheria nyingine ni maneno 180 kwa dakika, hapo una maneno 12 kwa sekunde karibu 3, ukipiga hesabu ni kama 260 kwa dakika, ndo unatakiwa upunguze. Mengine yako sawa.

mzee_wa_maandishi
Binti, shikamoo zote baadaye, ngoja niingie moja kwa moja maana kazi hii nimeifanya miaka mingi na hicho kipande chako ni mfano mzuri kabisa wa ugonjwa.

Hiyo 42 ni ukuta, ukifika usipite. Wewe au mashine yako mmeichukulia kama mahali pa kukatia. Soma huo mstari wa kwanza kwa sauti kisha usimame: "Kwa hiyo yule mtoto uliyemleta siku ile ya". Ya nini? Jicho limefika mwisho, linatakiwa lishuke na kurudi kushoto, na huku kichwa kimebaki kimeshika "ya" mkononi hakijui pa kuiweka. Ni muda mdogo sana huo lakini ukiufanya mara 412 ndani ya dakika 22 mtu anachoka, ndo huko kuishiwa pumzi anakokusema dairekta. Kata hapa:

```
Kwa hiyo yule mtoto uliyemleta
siku ile ya harusi si wa Rajabu.
```

Juu herufi 30, chini 32. Kila mstari una kitu kilichokamilika, wa juu mtoto aliyeletwa, wa chini ni lini na ni wa nani. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa.

Kaka_Digitali
Mzee heshima yako, ila kisarufi hiyo "ya" ni ya siku. Siku YA, mwezi WA, chumba CHA. Inafuata ngeli ya neno lililotangulia kwa hiyo ikikaa na "siku" juu iko kwa mwenyewe. Wewe unaitenganisha na bwana wake.

mzee_wa_maandishi
Kwenye upatanisho uko sahihi kabisa, "ya" imevaa nguo za "siku". Lakini msikilize mtu akiongea. Akitaka kuvuta pumzi katikati ya "siku ile ya harusi" atasema "siku ile... ya harusi". Hakuna anayesema "siku ile ya... harusi" isipokuwa amesahau neno analitafuta. Pumzi inapita kabla ya "ya", haipiti baada yake. Na manukuu tunayakata pale pumzi inapopita maana ni mazungumzo, si kitabu. Kwa hiyo ukilazimika kabisa kugawa, "ya harusi" inashuka pamoja. Fanya hivyo kwa wa, ya, la, cha, vya, za, pa, na kwa "kwa" na "na" na "ni" na "si". Hasa hiyo "si", ikiachwa mwisho wa mstari ni hatari, mtu anaweza kuiruka akaelewa kinyume.

Na "kwa hiyo", "kwa sababu", "baada ya" zisivunjwe katikati. Kitenzi cha maneno mawili kama "alikuwa anakuja" kikae pamoja. "Mama Zuu" isiwe Mama juu na Zuu chini. Sehemu nzuri ya kukata ni baada ya mkato, au kabla ya lakini, ambaye, ili, kama. Ukishika hilo la pumzi mengine utayaona mwenyewe.

Halafu hilo la maneno 180 kwa dakika, kaka, hesabu hiyo imetoka kwenye Kiingereza, BBC wanayo ya 160 mpaka 180, na kwao inafanya kazi kwa sababu maneno yao mafupi mafupi. Sisi "hawatatuambia" ni neno moja lenye herufi 13, kwa Kiingereza hapo wanahitaji maneno 5. Ukihesabu maneno Kiswahili kitaonekana chepesi wakati msomaji anakula herufi zile zile. Hesabu herufi kwa sekunde. Netflix kwa lugha nyingi wanaweka 17 kwa vipindi vya watu wazima na mimi nimeona 17 inafaa Kiswahili. Subtitle Edit inakuonyesha pale chini ya kisanduku cha maandishi, imeandikwa Chars/sec.

Sasa kipande chako: herufi 63 ukihesabu na nafasi na nukta, muda sekunde 2.8. Hiyo ni 22.5 kwa sekunde. Kaka amekosea kipimo ila hisia yake ni ya kweli, kipande kinakimbia.

binti_editi
Mzee asante sana, nimekata kama ulivyosema nikasoma tena nikahisi tofauti papo hapo. Na kweli nimeangalia Chars/sec iko nyekundu 22 na kitu, mi nilikuwa naangalia urefu wa mstari tu.

Swali, vipande 412 navipataje vyote vilivyoachwa na "ya" mwishoni bila kusoma kimoja kimoja?

terminali
Kama una Linux au Mac fungua Terminal uandike hivi:

```
grep -niE '(^| )(wa|ya|la|cha|vya|za|pa|kwa|na|ni|si)$' filamu.srt
```

Itakuletea kila mstari unaoishia na hayo maneno pamoja na namba ya mstari ndani ya faili.

binti_editi
Nimejaribu kwenye Mac ya mwenzangu haileti kitu hata kimoja, inarudi kimya. Na nina uhakika yapo, hata hicho kipande cha 212 cha zamani bado kimo kwenye hilo faili.

terminali
Faili umelisevu kwenye Windows? Basi kila mwisho wa mstari kuna alama ya ziada isiyoonekana, ndo maana ile $ haikuti "ya" mwishoni inakuta hiyo alama. Iondoe kwanza ndo utafute:

```
tr -d '\r' < filamu.srt | grep -niE '(^| )(wa|ya|la|cha|vya|za|pa|kwa|na|ni|si)$'
```

Faili lako halibadiliki, inasoma tu.

binti_editi
Imekubali!! Mistari 37. Kuna mmoja tu si kosa, mtu kajibu "La" peke yake na mi nilisahau nukta, kwa hiyo hata huo umenisaidia. Asante sana mkuu.

mzee_wa_maandishi
Vizuri. Kwa mbeleni, Subtitle Edit kwenye mipangilio ina orodha ya maneno ambayo ile Auto br haitakiwi ikate baada yake, kila lugha na orodha yake. Jaza hayo ya Kiswahili mara moja utapumzika. Lakini jua haitakupa "alikuwa anakuja" wala "Mama Zuu", hayo ni macho yako.

Ila nina jambo lingine kwenye 212 limenisumbua toka asubuhi. Umeweka nukta mwishoni. Una uhakika ni nukta? Mimi nikiisoma naona ni swali. "Kwa hiyo yule mtoto uliyemleta siku ile ya harusi si wa Rajabu?"

Nauliza kwa sababu hapa ndo Kiswahili kinatuweka pabaya kuliko lugha nyingi. Ukitaka kuuliza jambo la ndiyo au hapana hubadilishi neno wala mpangilio, unapandisha sauti tu. "Amekuja" na "amekuja?" ni kitu kimoja kwa herufi. "Je" tunaiandika, kwenye maongezi ya nyumbani watu wengi hawaitamki. Kwa mtu asiyesikia, ile alama ya kuuliza ndo sauti yenyewe. Ukikosea hapo hujakosea alama, umebadilisha alichosema mtu. Na hakuna softwea itakayokuambia maana zote mbili ni sentensi sahihi. Kazi hii inafanywa na spika za masikioni, unapitia filamu nzima mara moja kwa ajili ya mwisho wa sentensi tu.

mama_Zuu
Hapo mzee umenigusa, naomba niseme langu. Mdogo wangu ni kiziwi tangu ana miaka miwili. Siku moja tunaangalia tamthilia, kuna sini hospitali, mama anatoka kwa daktari, maandishi yakatoka hivi:

```
- Amekufa.
- Amekufa.
```

Mdogo wangu akanigeuzia uso akaniuliza kwa alama kwa nini wanasema mara mbili. Akadhani wote wawili wanajua tayari, wanaomboleza. Kumbe wa kwanza alikuwa anauliza, tena kwa woga, na wa pili ndo anampa habari. Sini nzima iko hapo na yeye hakuipata. Nikamwelezea lakini ukishaelezewa si sawa na kuiona mwenyewe. Kwa hiyo dada wewe unayefanya hiyo kazi, nakuombea, hiyo alama ya kuuliza iangalie sana.

binti_editi
Pole dada na asante kwa kusema. Nimekwenda kuangalia zangu sasa hivi nimekuta kipande cha 88, mzee anauliza "Mmeshakula?" nimeweka nukta. Na cha 301. Nitapitia yote kwa spika za masikioni.

mzee_wa_maandishi
Mama Zuu, kwenye mfano wako hata wangeweka alama ya kuuliza bado kuna kosa la pili. Wameweka swali na jibu kwenye kipande kimoja. Kama yule wa pili alikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, msomaji amepata jibu kabla ya mtu kufumbua mdomo. Mistari ya vistari viwili ni kwa watu wanaopokezana haraka haraka. Pakiwa na kimya chenye uzito, kila mmoja apewe kipande chake.

Kaka_Digitali
Hii ya swali nakubali sikuwahi kuifikiria. Mi nilikuwa natafuta nani, nini, gani, wapi, lini, naweka alama ya kuuliza zote.

mzee_wa_maandishi
Hizo nazo angalia kaka, "sijui amekwenda wapi" haiulizi, na "niambie ulikuwa na nani" inaamuru. Ukiweka kwa kutafuta neno utaweka pasipotakiwa.

Mwana_wa_Kibokoni
Salaam alaikum kutoka Mombasa. Naomba kuuliza kwa upande wa tahajia kwani naona mwaongea mistari na alama pekee. Sisi tuna vipindi vya wazee wazungumza Kimvita. Mzee amwambia mjukuu "ndoo hapa", yaani njoo hapa. Sasa nikiandika "ndoo" watu wa bara wasoma ndoo ya maji. Nikiandika "njoo" mdomo wa mzee wasema kingine na watu wa nyumbani watasema nimemsahihisha babu yao. "Mato" nayo vivyo hivyo, macho. Mwafanyaje?

mzee_wa_maandishi
Ndugu yangu hili sina jibu moja. Mimi binafsi naacha lahaja pale ambapo picha inasaidia, kama babu ananyoosha mkono anamwita mtoto, "Ndoo hapa" itaeleweka, nikaongeza mkato na jina, "Ndoo hapa, mjukuu wangu". Pale ambapo picha haisaidii na maana inageuka naandika sanifu. Lakini nimeshawahi kugombana na watu juu ya hilo na hawakuwa wajinga.

Mwana_wa_Kibokoni
Mimi hapo sitakubali kirahisi mzee. Ukiandika mara "ndoo" mara "njoo" kwa mdomo wa mtu mmoja, asiyesikia atamjua vipi huyu babu ni wa wapi? Kwake yeye lahaja yote ni hayo maandishi. Heri niache Kimvita mwanzo mwisho, atazoea kwa dakika tano.

mama_Zuu
Kwa mdogo wangu ingekuwa ngumu. Lugha yake ya kwanza ni ya alama, Kiswahili amekisoma shuleni kwa maandishi. "Mato" asingejua kabisa, hana pa kuisikia akazoea. Ila nakuelewa unachosema.

mzee_wa_maandishi
Tuliache hapo kwa leo, kila mmoja ana haki yake.

Ila kwa tahajia ya kawaida binti, usimwamini mkaguzi wa kompyuta. Makosa mabaya ni yale yanayozaa neno lingine sahihi. Mtu anaandika kwa kusikia, l na r zinachanganyika, anaandika "hatuna mahari" kumbe mtu kasema "hatuna mahali". Kompyuta imeridhika, mahari ni neno. Na filamu ya harusi ndo kabisa, msomaji anaona inaingia akilini, anaamini wameshindwa kulipa mahari kumbe wamekosa pa kukaa. "Samani" na "thamani" vile vile. Dawa yake ni kutafuta maneno hayo moja moja ukaangalia na maneno yanayofuata, ukikuta "mahari pa" unajua hapo ni mahali.

binti_editi
Mzee umeniogopesha nimetafuta "mahari" nimepata 6, tano sahihi, moja ilikuwa mahali. Mwalimu naye aliipita, na simlaumu maana nilimpa karatasi bila vidio.

mzee_wa_maandishi
Ndo hapo. Manukuu hayakaguliwi kwenye karatasi peke yake.

fundi_dishi
Na mimi niulize sasa maana nimewasoma. Kuna faili za wateja kwenye tivii nyingine ng'ombe anatokea hivi "ngâ€™ombe". Nikifungua kwenye laptopu yuko sawa. Hiyo ni tivii mbovu?

terminali
Hapana mkuu, tivii nzima. Simu au Word imebadilisha ile alama iliyonyooka ikaweka iliyopinda. Iliyopinda kwenye UTF-8 inachukua nafasi tatu za ndani, tivii ikilisoma faili kama la Windows la zamani inatoa hizo alama tatu. Fungua faili, tafuta ’ badilisha weka ' kote. Iliyonyooka inasomeka kila mahali. Angalia na ‘ inayopindia upande wa pili, simu nyingine zinaweka hiyo.

fundi_dishi
Wengine huwa wanaitoa kabisa wanaandika ngombe.

mzee_wa_maandishi
Wasiitoe. "Ng'oa" na "ngoa" si neno moja, ya kwanza unang'oa mti, ya pili ni wivu na tamaa.

binti_editi
Wakuu narudi na 212. Nimekwenda kumuuliza dairekta kuhusu swali na nukta, tukamsikiliza muigizaji mara nne. Mzee samahani, si swali. Sauti inashuka. Dairekta anasema mdogo mtu ameshajua, hamuulizi dada yake, anamwambia kwamba anajua. Kwa hiyo nukta inabaki.

Sasa muda. Nimejaribu kuongeza mpaka 10,900, inakuwa sekunde 3.7, herufi kwa sekunde zimeshuka 17. Dada yake anajibu 11,600 kwa hiyo nafasi ipo. Lakini kwenye 10,100 kamera inahamia usoni kwa dada, ananyamaza, macho yanajaa machozi, na manukuu yangu bado yako pale chini. Dairekta hataki kabisa maneno kwenye huo uso.

mzee_wa_maandishi
Binti usiniombe samahani, wewe umesikia mimi nimesoma tu, na ndo nilichokuwa nasema, sikio linaamua. Nimefurahi umekwenda kuuliza.

Kuhusu kamera kuhama. Kipande kikivuka mahali kamera inapohama kwa fremu chache tu ni kibaya sana, jicho linashtuka linadhani ni kipande kipya linarudi kusoma upya. Kikivuka kwa zaidi ya nusu sekunde jicho linazoea. Wewe kinavuka kwa 0.8, kwa hiyo kwa upande wa kusoma hakuna ubaya. Lakini kama dairekta anaulinda huo uso, na mimi ningeulinda, basi rudi 10,000 na upunguze maneno:

```
212
00:14:07,200 --> 00:14:10,000
Kwa hiyo mtoto uliyemleta harusini
si wa Rajabu.
```

Herufi 34 juu na 13 chini, ukiongeza ile nafasi ya katikati ni 48. Gawa kwa 2.8 unapata 17 na kidogo. Na angalia "si wa Rajabu" imekaa peke yake chini, ndo ngumi yenyewe ya hiyo sentensi. Mstari wa chini kuwa mfupi usikutishe, usisawazishe kwa kulazimisha.

Kaka_Digitali
Lakini mzee hapo umebadilisha aliyosema muigizaji. Mtu anayesikia Kiswahili atasikia "siku ile ya harusi" anasoma "harusini". Mi nikiangalia vidio manukuu yakitofautiana na sauti kwa lugha ile ile najisikia vibaya, nabaki nalinganisha badala ya kuangalia. Ingekuwa tafsiri sawa.

mzee_wa_maandishi
Hiyo hoja ni nzito na sikatai. Kwa anayesikia, uko sahihi. Kwa asiyesikia, kipande kinachokimbia ni kipande ambacho hakusoma mwisho wake, na mwisho wake hapa ni "si wa Rajabu". Lazima uchague unamwandikia nani.

mama_Zuu
Mdogo wangu hapendi kufupishiwa. Anasema kwa nini wengine wapate maneno yote yeye apewe muhtasari. Lakini pia analalamika yakienda haraka. Yote mawili anayasema, na yote mawili ana haki.

Mwana_wa_Kibokoni
Hapa naona kuna njia ya kati, mwaweza kuyaanzisha mapema? Kipande kianze kabla ya mtu kusema.

binti_editi
Kipande cha 211 kinaishia 06,900 na ni cha mtu mwingine, nikianzisha 212 saa 07,000 napata sekunde 3 kamili. Herufi 63 kwa 3 ni 21. Haitoshi ila ni bora kuliko 22.5. Nikitoa "yule" peke yake na nafasi yake ni 58, inakuwa 19.

mzee_wa_maandishi
19 kwa kipande kimoja, mara moja, kikifuatiwa na kimya cha sekunde nzima na nusu, siwezi kukupigia kelele. Yangekuwa vipande vitano mfululizo vya 19 ningekukatalia. Ila usianzishe mapema zaidi ya hapo, mdomo ukiwa bado umefungwa maneno yakatoka inaonekana.

binti_editi
Nimemwonyesha dairekta zote mbili. Amechagua hii:

```
212
00:14:07,000 --> 00:14:10,000
Kwa hiyo mtoto uliyemleta
siku ile ya harusi si wa Rajabu.
```

Anasema "siku ile" haiwezi kutoka kwa sababu mwanzo wa filamu tumeiona siku ile. Mama Zuu kama mdogo wako yupo Dar siku ya onyesho naomba uje naye, nitakutumia ujumbe pembeni. Nataka aangalie hicho kipande aniambie kama amefika mwisho wake kabla hakijatoka. Sasa naingia 213 mpaka 412 na spika masikioni.

mama_Zuu
Tupo. Nimeshamwambia, ameuliza kama kuna mahali utaandika sauti za mlango na simu.

binti_editi
Nimeweka mlango na adhana ndani ya mabano ya mraba. Simu niliisahau, naiongeza sasa hivi.